Hesabu maombi 50 ya mwisho: hivi ndivyo utakavyojua mapema kwamba malipo ya duka lako yanaharibika

Leo nina hadithi ya madera mawili, shilingi 7,200 na mama mmoja wa Voi ambaye alibakisha kidogo tu aniite mwizi. Kama duka lako la mtandaoni linatuma lile ombi la M-Pesa linalojitokeza lenyewe kwenye simu ya mteja, soma mpaka mwisho. Sijasomea kompyuta, niliishia kidato cha nne. Haya nimejifunza kwa kuumia.

Nauza madera na leso nikiwa Mombasa, mizigo inapanda basi kwenda kwa wateja. Mteja anachagua kwenye tovuti, anaandika nambari ya simu, anabonyeza Lipa. Simu yake inaonyesha ombi, anaweka nambari ya siri, na tovuti inabadilisha oda yake kutoka "Inasubiri" kuwa "Imelipwa". Mimi nafunga mzigo. Kwa karibu mwaka mzima sikuwahi kufikiria hapo katikati kunatokea nini.

Ijumaa moja saa tatu usiku akanipigia mama huyo. "Mwanangu, mbona wanilia pesa zangu?" Nikamwambia, shikamoo mama, hebu nieleze polepole. Alitaka madera mawili ya shilingi 1,800 kila moja, jumla 3,600. Alilipa, lakini tovuti yangu ikamwambia "Malipo hayajapokelewa. Jaribu tena." Akajaribu tena, ikamwambia vilevile. Akajaribu mara ya tatu, sasa ikamwambia salio halitoshi.

Nikafungua tovuti. Nikaona oda mbili zinasubiri na moja imeshindikana kwa sababu ya salio. Hakuna hata moja iliyolipwa. Nusura nimwambie mama hujalipa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, bahati nikamwomba kwanza anitumie zile meseji za M-Pesa. Akatuma mbili. Nikafungua taarifa ya akaunti yangu ya malipo, nikazikuta zote mbili zimeingia, 3,600 na 3,600. Pesa nilikuwa nazo mimi, na duka langu lilikuwa linamwambia mama hajalipa.

Nilimrudishia 3,600 usiku huohuo na asubuhi mzigo wake ukapanda basi. Lakini sikulala, maana nilijiuliza ni wangapi wamelipa mara mbili halafu hawakupiga simu.

Majibu ni mawili, si moja

Kitu cha kwanza nilichokuja kuelewa ni kwamba ombi moja la malipo lina majibu mawili. Huduma inayounganisha tovuti na M-Pesa hapa Kenya inaitwa Daraja, na ombi lenyewe wanaliita STK Push. Tovuti yako ikituma ombi, jibu la kwanza linarudi papo hapo, na ndani yake kuna hii:

```
"ResponseCode": "0"
```

Hiyo sifuri haina maana kwamba mteja amelipa. Inasema tu kwamba ombi limepokelewa na linashughulikiwa. Pamoja nayo unapewa kitambulisho cha ombi kinachoitwa `CheckoutRequestID`. Kitunze hicho, tutakihitaji.

Jibu la pili linakuja baadaye, mteja akishaweka nambari ya siri, au akikataa, au akinyamaza. Hili halirudi kwa njia ileile. M-Pesa ndiyo inayobisha hodi kwenye tovuti yako, kwenye anwani uliyoiandika kama `CallBackURL`, na kuacha ujumbe wenye `ResultCode`. Hapo sasa ndipo sifuri ina maana ya pesa imeingia.

Umeona hatari iko wapi? Mlango wako ukiwa umefungwa wakati M-Pesa inabisha hodi, pesa inaingia kwenye akaunti lakini duka halijui. Usitegemee kwamba atabisha tena. Oda inabaki "Inasubiri", na mteja anaambiwa ajaribu tena.

Namba za kosa zinasema kosa ni la nani

Siku iliyofuata nilichukua daftari, nikaanza kuandika kila ombi na jibu lake la pili. Namba zinazotokea sana dukani kwangu ni hizi:

`0` ni amelipa. `1032` ni mteja amekataa mwenyewe. `1` ni salio halitoshi. `2001` ni nambari ya siri imekosewa. `1037` ni muda umeisha, yaani ombi halikuifikia simu, au lilifika na mwenye simu hakujibu.

Ziko nyingine, lakini hizi zinatosha kuanzia. Angalia 1032, 1 na 2001. Hayo ni mambo ya mteja na pochi yake. Yanatokea kila siku katika kila duka, na hayasemi chochote kuhusu mtambo wako. Tena ukipata jibu kama hilo ujue njia nzima ni nzima, maana ombi lilikwenda na jibu likarudi.

1037 iko katikati. Inaweza kuwa simu ya mteja imezimika, inaweza kuwa mtandao.

Halafu kuna hali moja ambayo haina namba, na ndiyo iliyonimaliza. Ombi limetumwa, limepokelewa, zimepita dakika mbili, na jibu la pili halijaja kabisa. Mimi naiandika KIMYA. Tovuti nyingi haziionyeshi, zinaacha tu oda ikisubiri, na wewe unadhani mteja amebadili mawazo. Ndiyo maana usiache nafasi tupu kwenye jedwali. Andika neno KIMYA ili ulihesabu.

Nilivyohesabu

Swali lililofuata lilikuwa nihesabu kwa siku au kwa wiki. Nilianza kwa siku, nikaona nadanganyika. Duka langu linatuma maombi kama 20 au 25 kwa siku. Siku moja watu watatu wakikosa salio, asilimia inaporomoka na wala hakuna kitu kilichoharibika. Wiki nayo ni ndefu sana, ukigundua Jumapili umeshapoteza wateja. Kwa hiyo nahesabu maombi 50 ya mwisho, hata yawe ya siku mbili au tatu. Kama unauza kidogo, hesabu 20 ya mwisho.

Natumia jedwali la kawaida la Google Sheets. Safu A ni tarehe na saa, B ni `CheckoutRequestID`, C ni sekunde tangu kutuma ombi hadi jibu la pili, D ni namba ya jibu au neno KIMYA. Kuhesabu KIMYA katika 50 za mwisho naandika hivi:

```
=COUNTIF(INDEX(D:D,COUNTA(D:D)-49):INDEX(D:D,COUNTA(D:D)),"KIMYA")
```

Ukitaka kuhesabu waliolipa, pale mwisho badala ya `"KIMYA"` weka `0`. Fomula hii inataka safu D isiwe na pengo hata moja, na uwe umeshajaza angalau mistari 50.

Basi nikarudi nyuma kwenye rekodi za tovuti, nikachukua maombi 50 ya wiki ambayo kila kitu kilikuwa sawa. Waliolipa walikuwa 37. Sita walikataa, watatu salio halikutosha, mmoja alikosea nambari ya siri. 1037 zilikuwa mbili, na KIMYA moja. Kwa hiyo hali yangu ya kawaida ni asilimia 74. Usishtuke ukiona ya kwako haifiki 100, haitafika, watu wanabadili mawazo. Unachotafuta ni kawaida yako wewe.

Kisha nikachukua 50 za mwisho mpaka ile Ijumaa usiku. Waliolipa 29. Waliokataa saba, salio watatu, nambari ya siri mmoja, 1037 mbili. KIMYA nane.

Angalia tena. Mambo ya mteja hayakubadilika, walikuwa 10 na sasa ni 11. 1037 ni zilezile mbili. Kilichopanda ni KIMYA peke yake, kutoka moja hadi nane. Ningeangalia tu kwamba mauzo yameshuka kutoka asilimia 74 hadi 58, ningesema ni mwisho wa mwezi, watu hawana pesa. Nilikuwa nimeshaanza kusema hivyo, na hata nilishapunguza bei ya leso.

Kuuliza kabla ya kuhukumu

KIMYA haikuambii kama mteja amelipa au hajalipa. Lazima uulize. Daraja ina njia ya kuuliza hali ya ombi, unapeleka ile `CheckoutRequestID` kwenye:

```
/mpesa/stkpushquery/v1/query
```

Inakurudishia `ResultCode` ileile ambayo ingekuja yenyewe. Ikikuambia muamala bado unashughulikiwa, subiri kidogo uulize tena.

Niliuliza zote nane. Tano zilirudi na 0, yaani watu walikuwa wamelipa. Tatu hazikulipwa. Nikahakikisha kwa njia ya pili, nikahesabu pesa zilizoingia kwenye taarifa ya akaunti kwa muda uleule. Zilikuwa malipo 34, wakati tovuti inasema 29. Tofauti ni tano, hesabu ikafunga.

Mbili kati ya hizo tano ni za yule mama. Tatu ni za watu wengine. Mmoja alikuwa anasubiri mzigo wake tangu Jumatano kwa ustaarabu tu. Mwingine alikuwa ameshaamua sisi ni matapeli na amenunua kwingine. Nilimrudishia pesa yake na radhi juu, lakini hajarudi mpaka leo.

Kama huna fundi wa kukuwekea njia ya kuuliza, kulinganisha taarifa ya akaunti na oda zilizolipwa kila jioni kunatosha kuanzia. Namba hizo mbili zikiachana, una tatizo, hata kama hakuna aliyelalamika.

Tatizo lilikuwa wapi

Hapa ile safu C ya sekunde ndiyo iliyonionyesha njia. Nilipanga muda wa majibu yote yaliyofika kuanzia mdogo hadi mkubwa, nikachukua wa katikati. Situmii wastani, kwa sababu mteja mmoja aliyekwenda kutafuta miwani anauharibu wote. Wiki nzuri wa katikati ulikuwa sekunde 14. Wiki mbaya ulikuwa sekunde 15. Kumbe majibu yaliyofika yalifika haraka kama kawaida.

Mtandao ukiwa mzito, kwa kawaida kwanza muda unarefuka, 1037 zinaongezeka, ndipo majibu yanapotea. Kwangu hakuna kilichorefuka. Ama jibu linafika kwa wakati, ama halifiki kabisa. Hiyo ni dalili ya mlango kufungwa, na mlango ni wa kwangu.

Nikaingia kwenye kumbukumbu za seva, kule kunakoandikwa kila anayebisha hodi kwenye tovuti. Nikatafuta anwani yangu ya majibu, nikakuta mistari kama huu:

```
POST /malipo/jibu 403
```

403 ni "umekatazwa kuingia". Nikatazama saa, zikalingana na KIMYA zangu. Nikakumbuka kwamba Jumatatu ya wiki hiyo nilikuwa nimeweka programu ya ulinzi kwenye tovuti, ya kuzuia wadukuzi. Programu hiyo ina kanuni moja: anwani ya IP ikituma vitu vingi kwa muda mfupi, inafungiwa nje kwa saa moja. Majibu ya malipo yanatoka kwenye anwani chache zilezile. Nikiweka picha za mzigo mpya jioni, watu 10 wanalipa ndani ya dakika chache, mlinzi wangu anadhani ni shambulio, anafunga anwani hiyo. Anwani nyingine bado zinapita, ndiyo maana jibu la tatu la mama lilifika na yale mawili ya kwanza hayakufika.

Ndio maana pia sikugundua haraka. Asubuhi nikijaribu mwenyewe kwa shilingi 10, kila kitu kinakubali. Kilikuwa kinaharibika jioni tu, yaani wakati ule ule wa mauzo mengi.

Sikuitoa programu ya ulinzi, inanisaidia kwa mengine. Niliiambia iziruhusu anwani za IP ambazo zimeorodheshwa kwenye maelezo ya Daraja, ziingie bila kuhesabiwa. Kisha nikajaribu jioni, si asubuhi, pamoja na marafiki sita, wote tukilipa shilingi 10 kwa wakati mmoja. Majibu sita yakafika.

Mambo mawili niliyobadilisha kwenye duka

La kwanza, nilimlipa fundi aongeze kitu kimoja: ombi likikaa dakika mbili bila jibu, tovuti inauliza yenyewe kwa ile njia ya kuuliza, halafu ndipo inaamua. Bado naliandika KIMYA kwenye jedwali hata kama limepatikana limelipwa, maana ukilifuta hutaona mlango ukianza kufungwa.

La pili halikugharimu chochote. Niliondoa maneno "Jaribu tena" pale ambapo hakuna jibu. Sasa mteja anaona "Tunahakikisha malipo yako. Tafadhali usilipe tena, subiri dakika mbili." Tazama ya kwako inasema nini. "Jaribu tena" ni sawa kwa 1032 au 2001, kwa sababu unajua hakulipa. Kwa KIMYA hujui, na usimwambie mtu alipe kitu ambacho huenda ameshakilipa.

Mpaka wako wa hatari

Kwangu kawaida ya KIMYA ni sifuri au moja katika 50. Zikifika tatu naanza kuchunguza. Zikifuatana tatu mfululizo nasimamisha ombi la moja kwa moja hapohapo, naweka nambari yangu ya Lipa na M-Pesa, mteja alipe mwenyewe na kunitumia meseji. Inachosha kuhakiki moja moja, lakini hakuna anayelipa mara mbili. Wewe andika kwa wiki tatu kwanza, uone kawaida yako, ndipo uweke mpaka wako. Ukiona 1037 ndizo zinazopanda na muda wa katikati unarefuka, usianze kufungua tovuti yako. Uliza wauzaji wenzako kama wanaona hivyohivyo, kwa sababu huenda tatizo haliko kwako.

Wenzangu wa Tanzania na wote wanaopitia kampuni za kati, namba zenu zitakuwa tofauti na hizi. Mgawanyo ni uleule: amelipa, mteja ameshindwa, muda umeisha, na kimya.

Nilirudi kwenye jedwali la wiki ile nikajiuliza ningejua lini. Jumatano jioni KIMYA zilikuwa zimeshafika tatu. Yaani siku mbili kabla ya yule mama kulipa.

Mara ya pili ilikuwa miezi mitano baadaye, saa saba na nusu mchana. KIMYA tatu mfululizo. Nikasimamisha, nikafungua tovuti kwenye simu, ikaniambia si salama: cheti cha usalama cha tovuti kilikuwa kimeisha muda saa sita mchana huohuo na nilisahau kukilipia. `CallBackURL` lazima ianze na `https`, na cheti kikifa majibu hayaingii. Nikalipia, saa nane na robo kazi ikaendelea. Wateja walioguswa walikuwa watatu. Wawili walikuwa wamelipa, nikawapigia mimi kabla hawajanipigia wao.

Mama wa Voi bado ni mteja wangu. Juzi kaagiza leso nne, akalipa mara moja, na bado akanipigia kuuliza, "Mwanangu, imeingia?" Nikamwambia imeingia, mama, sekunde 16.